"More better" na "most cheapest" kwenye imeli za kulinganisha kotesheni

Kama unashughulika na manunuzi kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha unajua mambo yanavyoenda, kitu chochote cha hela ya maana kinatakiwa kiwe na kotesheni tatu, halafu wewe ndio unakaa unaandika imeli ya Kiingereza kwa dairekta au kwa patna aliyeko nje umwambie ipi ni ipi na unapendekeza nini. Imeli hizo zinapitia kwangu kabla hazijapanda juu, na humo ndimo "more better", "more cheaper" na "most cheapest" zimejaa.

Sababu yake iko wazi. Sisi tunasema nafuu zaidi, bora zaidi, haraka zaidi, yaani "zaidi" inakaa pembeni na neno lenyewe halibadiliki. Kiingereza kwa maneno mafupi kinaificha hiyo zaidi ndani ya neno, cheap inakuwa cheaper, fast inakuwa faster, na good inageuka kabisa inakuwa better. Maneno marefu kama expensive, reliable na durable hayakubali kubadilishwa ndio yanawekewa more au most mbele. Kwa hiyo ukiandika "more cheaper" umeweka zaidi mara mbili. Waingereza wenyewe miaka ya 1600 walikuwa wanaandika hivyo bila shida, baadaye waandishi wa vitabu vya sarufi ndio wakapiga marufuku, na leo kwenye imeli ya kazi inahesabika kosa moja kwa moja.

Sasa wengi ushauri wao unaishia hapo, futa more, maliza. Mimi siuridhikii, kwa sababu mtu akiandika "more cheaper" mara nyingi kuna kitu alitaka kukisema, kwamba tofauti ni kubwa bwana, siyo ya elfu kumi. Ukifuta tu more sentensi inakuwa safi ila ile habari ya ukubwa wa tofauti imepotea, na dairekta anayesoma anataka hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Ngoja nikupe mfano, namba nimebadilisha. Dada mmoja ofisini alikuwa anatafuta magodoro 32 ya lodge ya Karatu. Alipata kotesheni tatu, A ilikuwa sh. 7,200,000 na VAT ndani, mzigo siku 14. B sh. 6,400,000. C sh. 7,360,000 na VAT ndani, mzigo siku 3. Akaandika hivi:

"Quotation B is the most cheapest and more better than the others. Quotation C is more expensive but more faster in delivery."

Nikamuuliza, mdogo wangu, B ni nafuu kwa shilingi ngapi? Akasema kaka si unaona hapo, laki nane. Nikamwambia weka hiyo namba kwenye sentensi. Alivyorudi kwenye karatasi ya B kuichukua ndio akaona kale kamstari ka chini, bei bila VAT. Ukiweka asilimia 18 ile 6,400,000 inakuwa 7,552,000, yaani B ndiyo ghali kuliko zote tatu, imeizidi A kwa 352,000 nzima. Imeli ikabadilika ikawa hivi:

"Quotation A is the cheapest at TZS 7,200,000, VAT included. C is slightly more expensive, by TZS 160,000, but delivery is much faster: 3 days against 14. B looks lower at TZS 6,400,000, but with 18% VAT it comes to TZS 7,552,000, so it is the most expensive."

Angalia "more expensive" na "most expensive" zipo maana ni neno refu, hapo more na most ni halali yake. "More faster" imekuwa "much faster". Na "more better" imeondoka kabisa, kwa sababu haikuwa inasema bora kwa lipi, bei, siku za mzigo au uimara wa godoro, na hata ungeiandika vizuri "better" peke yake bado dairekta angerudisha imeli kuuliza.

Kwa hiyo kila nafasi ambayo mkono ulikuwa unakimbilia more, jiulize tofauti ni kubwa au ndogo. Kama ni kubwa andika much, au far, "much cheaper", "far better". Kama ni ndogo andika slightly, "slightly cheaper". Na kwa ile ya kuwashinda wote, badala ya "most cheapest" andika "the cheapest", na kama imewaacha mbali kweli andika "by far the cheapest". Very usiweke, "very cheaper" ni kosa lingine ambalo watu wakishaondoa more wanalikimbilia. Halafu namba ifuate hapo hapo, maana slightly ya kwako na slightly ya dairekta zinaweza zisifanane, kwenye magodoro laki moja na sitini ni slightly ila kwenye kununua toner za printa sidhani kama kuna mtu atakuelewa.

Kingine kinachoambatana na haya ni "the price is more cheaper". Hata ukifuta more inabaki "the price is cheaper", watu wanaongea hivyo na utaeleweka, lakini kwenye maandishi ya kazi bidhaa ndiyo inakuwa cheap, bei inakuwa low. Andika "the price is lower" au "A is cheaper". Na kama una kotesheni mbili tu, saplaya wa tatu hajajibu, usiseme cheapest, andika "A is the cheaper of the two", msomaji makini ataelewa papo hapo kwamba ulinganisho ni wa wawili na hataanza kutafuta kotesheni ya tatu iko wapi.

Kabla hujatuma, kama uko kwenye Gmail ya kompyuta bonyeza Ctrl+F tafuta more, halafu tafuta most, kila ilipo angalia neno linalofuata. Likiishia na er au est, au likiwa better, best, worse, worst, less, simama hapo. Ila usifute kwa macho tu, kuna mitego. "Most honest" ni sahihi, honest imezaliwa na est yake, kama ilivyo "more eager". Na "we received two more cheaper options" nayo inaweza kuwa sahihi kabisa, more hapo inahesabu, ni kotesheni mbili za nyongeza ambazo ni nafuu, haijagusa cheaper. Hiyo mimi huwa naigeuza tu ili mtu asijikwae, "we received two more options, both cheaper than A", na namba zake zinafuata chini.