Simu imenyang'anywa komine ya Kenya, Lubumbashi, niandike nini?

"Walininyang'anya simu jana komine ya Kenya, hapa Lubumbashi. Kwa polisi niandike nini juu ya mwizi?"

Ndugu, andika kwa mfuatano: "Saa moja jioni nilisimama kando ya barabara, simu mkono wa kuume. Pikipiki nyekundu ilitokea nyuma. Abiria akaivuta simu, wakakimbia upande wa soko." "Kijana mrefu" haitoshi. Mrefu kukupita wewe? Kovu? Viatu gani? Uso kama hukuuona, sema hukuuona. Ukibuni, watakamata mtoto wa jirani. Andika pia namba ya IMEI, ile inayotambulisha simu yako; iko kwenye boksi la simu.

– Mimi yangu ilianguka ndani ya basi, nikaandika "imepotea".

Hiyo ni nyingine, mama. Yeye aandike "kunyang'anywa", la sivyo hakuna mwizi wa kutafuta.