Pombe wakati wa ujauzito na mtoto "asiyesikia": kwa nini vipimo havioni kitu

Swali: Nalea mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Ukimtuma vitu viwili analeta kimoja, au anarudi mikono mitupu. Hesabu aliyofundishwa jana leo haijui. Ukimwadhibu kwa kosa, kesho analirudia kana kwamba hakuwahi kuguswa. Dada alikuwa anakunywa mbege, na gongo mara moja moja, hata akiwa mjamzito. Mtoto alipokuwa na miaka 2 alilazwa kwa malaria iliyompanda kichwani. Hospitali wamempiga picha ya kichwa, wamempima akili, wakasema yuko kawaida. Sura yake pia haina kasoro. Je, inaweza kuwa ni pombe? Na mbona hawaoni kitu? (Mama mdogo, Rombo)

Jibu: Inaweza kuwa ni pombe, mama, na majibu ya hospitali hayajaiondoa. Nianze na sura, kwa sababu ndiyo inayofanya faili la mtoto kama huyu lifungwe mapema.

Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, walieleza watoto wa mama waliokunywa sana wakiwa wajawazito. Alama zinazotafutwa usoni leo ni tatu: mpasuo wa macho ulio mfupi, mdomo wa juu ulio mwembamba, na ule mfereji kati ya pua na mdomo ukiwa bapa. Baadaye, mwaka 1981, majaribio ya panya yalionyesha kwamba uso huharibika pombe ikiingia katika kipindi kifupi sana, ambacho kwa binadamu ni kama wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa. Wakati huo mama wengi hata hawajajua kama wana mimba. Pombe iliyonywewa baada ya hapo inaweza kuuacha uso salama kabisa, lakini ubongo bado unajengwa, na utaendelea kujengwa hadi siku ya kujifungua na baada yake. Ndiyo maana watoto wengi walioathirika hawana alama usoni. Tena midomo ya watu hutofautiana kwa asili zao, ndiyo sababu wataalamu wa Seattle walitengeneza picha za kulinganishia za watu wenye asili ya Afrika, tofauti na za Wazungu. Daktari akitumia zile za Wazungu, alama iliyopo kwa mtoto wetu inaweza kumpita.

Picha ya kichwa nayo haiamui. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma, na ini la mtoto bado halijakomaa kuivunja. Huua chembe changa za ubongo na kuzipotezea njia zile zinazohamia mahali pake. Tofauti za ubongo huonekana watafiti wanapolinganisha makundi ya watoto, lakini kwa mtoto mmoja mmoja picha husomwa mara nyingi kuwa ya kawaida, kwa sababu kilichoharibika ni jinsi sehemu zinavyofanya kazi pamoja.

Sasa nije kwenye kumbukumbu, kwa kuwa hapo ndipo picha ya mtoto wako inapoanza kueleweka. Tuna kipimo cha kumsomea mtoto orodha ya maneno 15, matunda, nguo na vitu vya kuchezea vikiwa vimechanganywa. Anasomewa, anataja anayoyakumbuka, anasomewa tena orodha ileile, mpaka mara tano. Kisha anapewa shughuli nyingine, na baada ya dakika 20 anaulizwa tena. Tuseme mtoto wa rika lake anataja maneno 6 mara ya kwanza na kufika 12 mara ya tano. Mtoto aliyeathiriwa na pombe anaweza kutaja 4, halafu 5, halafu 6, akafika 8 mara ya tano. Mwalimu akiona 8 kati ya 15 atasema mtoto hana kumbukumbu. Ila tazama kinachotokea baada ya dakika 20: anataja 7. Amepoteza neno moja tu.

Shida kubwa kwa watoto hawa iko kwenye kuingiza. Wanachojifunza kwa kusikia huingia kidogo kidogo, wanahitaji marudio mengi kuliko wenzao, na hawapangi wanachosikia. Mtoto mwingine hugundua mwenyewe kwamba embe, papai na ndizi ni kundi moja, akayashika pamoja. Huyu hushika neno mojamoja. Ni kama mtungi wenye mdomo mwembamba: maji huingia polepole, lakini yaliyoingia kwa sehemu kubwa hayavuji. Kwa hiyo ile hesabu ya jana huenda hakuisahau usiku. Huenda haikuingia hata alipoitikia "nimeelewa". Na hesabu ndilo somo linaloathirika zaidi kwa wengi wao, kwa sababu inamtaka ashike namba moja kichwani huku akifanya kazi na nyingine.

Umakini wao pia una sura yake. Mwaka 1997 watafiti wa Atlanta walilinganisha watoto walioathiriwa na pombe na wale wenye ugonjwa wa kukosa utulivu na umakini, ule wa kuhangaika darasani. Wale wa pili walishindwa zaidi kuelekeza na kudumisha umakini. Walioathiriwa na pombe walishindwa zaidi kushika taarifa kichwani na kuhama kutoka kanuni moja kwenda nyingine. Makundi haya huingiliana, na wapo watoto wenye yote mawili, lakini ukimtazama mtoto wako utaona tofauti hiyo inakusaidia. Anapoanza kutoa, halafu ubao ukabadilika kuwa kujumlisha na yeye akaendelea kutoa, si kwamba hasikilizi. Kanuni ya kwanza bado imemshika.

Tabia inatoka hukohuko. Ili adhabu imfundishe mtoto, lazima akumbuke alichofanya, aunganishe na kilichompata, kisha kesho, akiwa mahali pengine na mbele ya kishawishi kingine, akumbuke tena na kujizuia kabla mkono haujaenda. Hatua hizo hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, na pombe huigusa sana. Kwa hiyo unachapa, analia kweli, anaahidi kweli, na kesho anarudia. Watoto hawa pia hutunga majibu. Ukimuuliza "ulikuwa wapi?" naye hakumbuki, anajaza pengo kwa hadithi inayoelekea kufaa. Wewe unasikia uongo. Naomba sana fimbo ikae pembeni, maana inamuumiza bila kumfundisha kitu.

Basi mbona kipimo cha akili kilisema kawaida? Kwanza, kipimo hicho hutoa namba moja ya wastani. Mtoto anaweza kupata vizuri kwenye kuelewa maneno na kupanga vipande vya picha, akashuka sana kwenye kushika namba kichwani, na wastani ukabaki ndani ya mipaka. Wengi wa watoto hawa hupata zaidi ya 70, kiwango ambacho chini yake ndipo huanza kuzungumziwa ulemavu wa akili. Pili, hupimwa kwenye chumba kimya, na mtu mzima mmoja anayempa agizo moja moja. Hayo ndiyo mazingira yanayomfaa zaidi, na hayafanani na darasa lenye watoto wengi wala nyumba ambayo watu watatu wanamtuma kwa wakati mmoja. Tatu, vipimo vingi viliwekewa viwango kwa watoto wa nchi nyingine na kwa lugha nyingine. Alama ya chini inaweza kuwa imetokana na lugha, na alama ya wastani inaweza kuficha tatizo.

Mwongozo wa Kanada wa kutambua madhara haya ya pombe, unaotumiwa na wengi, unataka maeneo 10 ya kazi za ubongo yaangaliwe, yakiwemo kumbukumbu, umakini, lugha, kujitawala na maisha ya kila siku. Ili jina la tatizo litolewe, angalau maeneo matatu yawe yameathirika vibaya, kiasi kwamba kati ya watoto 100 wa rika lake ni kama wawili au watatu tu wangekuwa chini hivyo. Hiyo si kazi ya asubuhi moja wala ya mtaalamu mmoja.

Halafu kuna kuthibitisha pombe yenyewe. Kwa mtoto wa miaka 9 hakuna kipimo cha damu kitakachoonyesha mama yake alikunywa. Vilivyopo hufanya kazi siku za kuzaliwa tu, kwenye kinyesi cha kwanza au damu ya kitovu. Kinachobaki ni maelezo ya watu. Mwongozo huo unahesabu kuwa hatari unywaji wa vipimo 7 vya pombe au zaidi kwa wiki, au angalau mara mbili za kunywa vipimo 4 au zaidi kwa mkupuo, kipimo kimoja kikiwa na kama gramu 13.6 za alkoholi. Pombe yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 40 hivi kwa lita, yaani karibu vipimo 3. Robo lita ya gongo yenye asilimia 40 inafika karibu vipimo 6. Lakini mbege ya leo si mbege ya keshokutwa, na gongo haina lebo. Kwa hiyo usiwaulize ndugu kama dada alikuwa mlevi, watakataa, na hata wewe utamtetea. Waulize siku ya soko au ya msiba alikunywa nini, kwa chombo gani, vingapi, na kama iliendelea tumbo lilipoonekana. Andika walivyosema, bila kumhukumu aliyetangulia.

Ile malaria siwezi kuiweka kando. Kampala watafiti waliwafuatilia watoto waliopata malaria ya ubongo, na miaka miwili baadaye karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na matatizo ya kufikiri, hasa ya umakini. Kwa hiyo mtoto wako anaweza kuwa ameumizwa na pombe, na malaria, au na vyote viwili. Dalili inayosaidia kutenganisha ni ya muda: alikuwaje kabla ya kulazwa? Alizaliwa mdogo? Alichelewa kukaa na kutembea? Alikuwa analia na kukosa usingizi kupita kawaida? Kama mambo haya yalikuwepo kabla ya miaka 2, malaria peke yake haielezi yote. Kama hayakuwepo, hiyo nayo haitoshi kuisafisha pombe, kwa sababu madhara mengi hujitokeza shule inapoanza kumdai mtoto.

Tafuta kadi yake ya kliniki, hata kama imechanika, uone uzito wa kuzaliwa. Chukua madaftari yake ya hesabu na maelezo ya mwalimu ya mambo matatu au manne yaliyotokea kweli, badala ya neno "mkaidi". Kwa Rombo, anza na kliniki ya watoto ya hospitali ya KCMC, Moshi. Omba wampime kwanza masikio na macho, maana mtoto asiyesikia vizuri hufanana sana na huyu unayenieleza, kisha omba kumbukumbu, umakini na maisha ya kila siku vipimwe kimoja kimoja na usomewe alama za kila kimoja.

Usisubiri majibu kubadilisha nyumbani. Mpe agizo moja, arudie kwa mdomo wake kabla hajaondoka, na akirudi ndipo umpe la pili. Hesabu ya jana irudiwe leo kwa mfano uleule na kwa vitu vya kushika, maharage au vifuniko vya chupa, mpaka aifanye bila kusaidiwa, ndipo ubadilishe mfano.