Juisi yangu ya pasheni ilivyohama kwa Mangi ikaenda ukumbini

Chupa 300 za kwanza nilizipeleka maduka ya Mwanjelwa na Soweto, hapa Mbeya. Zilikuwa za plastiki, mililita 300, na lebo imeandikwa "Juisi safi kwa familia nzima". Maandishi hayo tu yalitosha kuonyesha kwamba sikujua namuuzia nani. Baada ya wiki tatu nikarudishiwa zaidi ya nusu.

Nilipopiga hesabu, chupa moja ilikuwa inanigharimu shilingi 780: matunda 330, chupa na kifuniko 220, sukari na gesi 110, lebo 60, usafiri 60. Mwenye duka alitaka kuinunua kwa 800 ili aiuze buku. Faida yangu shilingi 20. Kwenye friji hilohilo nilipangwa na juisi za viwanda vikubwa, ambavyo chupa na sukari wananunua kwa bei nisiyoweza kuipata.

Hapo ndipo nilipoanza kuligawa soko kwa akili. Wengi wetu hugawa kwa umri na jinsia: vijana, akina mama, watoto. Mimi haikunisaidia, kwa sababu mama yuleyule asubuhi anamnunulia mtoto juisi ya shule kwa kutafuta unafuu, na Jumamosi yumo kwenye kamati ya harusi akitafuta heshima. Nikagawa kwa tukio linalomfanya mtu anunue. Nikapata makundi manne: abiria mwenye kiu pale stendi ya Kabwe, mtoto wa shule, anayekwenda kumwona mgonjwa, na kamati ya sherehe.

Kuchagua kundi lengwa nilijiuliza mambo matatu. Je, bei wanayoizoea inazidi gharama yangu? Je, naweza kuwafikia bila gari? Je, wapo wa kutosha? Abiria na mtoto wa shule walianguka kwenye swali la kwanza. Kundi la mgonjwa lilinivutia, maana anayenunua hatazami sana bei. Ila pasheni ina uchachu, na mwenye vidonda vya tumbo huambiwa aukwepe; tena nisingeweza kuandika kwenye lebo kwamba inaponya. Nikaliacha.

Zikabaki kamati, nazo nikazigawa tena. Huku kwetu sherehe za walokole, na hata za Walutheri na Wamoravian wengi, hazina pombe. Soda inanywewa na kila mtu kila siku, kwa hiyo mezani haina sherehe yoyote. Nikazunguka kumbi sita nikiongea na wasimamizi wake. Kwa wastani kila ukumbi ulikuwa na sherehe tatu kwa mwezi, ukiacha Kwaresima. Jumla 18, nusu yake bila pombe, yaani tisa. Nikajipa tatu, nisijidanganye.

Harusi ya watu 200 ina meza 20 za watu kumikumi. Lita moja inatoa glasi tano, hivyo kila meza chupa mbili, harusi nzima chupa 40. Harusi tatu ni chupa 120. Chupa ya glasi ya lita moja inanigharimu 3,300, naiuza 5,500. Faida ghafi kwa mwezi ni 264,000. Si utajiri, lakini linganisha na ile shilingi 20.

Kilichobaki ni nafasi ambayo juisi itashika kichwani mwa mnunuzi. Niliiandika kwa sentensi moja kwenye daftari: "Kwa kamati ya sherehe isiyo na pombe, hii ni juisi ya mezani ya pasheni za Rungwe, inayomiminwa kwenye glasi mbele ya wageni, tofauti na soda inayonywewa kwa mrija." Sentensi hii haiendi kwenye tangazo. Ni ya kwangu, ya kuamulia mambo. Ndiyo iliyoamua chupa iwe ya glasi, lebo iwe ndogo, na maneno "familia nzima" yafutwe.

Nilikosea kitu kimoja. Zile chupa ndogo zilizobaki niliziacha madukani, jina lilelile, nikisema pesa ni pesa. Siku nawasilisha bei kwa kamati moja ya Forest, mama mweka hazina akaishika chupa yangu ya glasi, akaigeuza, akanitazama.

"Mwanangu, hii si ile iko kwa Mangi kwa buku?"

Nikaanza kueleza habari za chupa na ujazo. Wajumbe walishaanza kutabasamu. Wakanipa 3,500 kwa chupa, nikakataa, oda ikaenda kwa soda.

Jumatatu yake nilipita duka kwa duka na kreti mgongoni mwa bodaboda, nikazikusanya zote. Tulizinywa nyumbani karibu mwezi mzima.