Goti la mtoto anayecheza mpira tu, mwaka mzima

Nafundisha watoto mpira hapa Tanga. Kwa wa miaka 11 hadi 14, wazazi wananilalamikia goti kuliko kitu kingine. Mtoto hakuanguka wala hakupigwa daluga, ila linauma.

Mama mmoja aliniambia, "Kocha, mwanangu siku hizi akisujudu anakunja uso." Mtoto ana miaka 12. Nilipobonyeza chini kidogo ya pia ya goti, juu ya muundi, akashtuka. Pana kinundu kigumu, na maumivu yako hapo hapo tu.

Hapo ndipo kano ya misuli ya mbele ya paja inaposhika mfupa. Kwa mtoto anayerefuka, sehemu hiyo ina gegedu ambayo haijakomaa kuwa mfupa, na kila shuti na kila kuruka kunaivuta. Madaktari huuita ugonjwa huu Osgood-Schlatter. Ikipata muda wa kupumzika hutulia, lakini huyu hakuupata. Tulihesabu na mama yake: akademi Jumatatu hadi Alhamisi, saa 2 kila siku, timu ya shule Ijumaa, saa 2, mechi Jumamosi, saa 2, ndondo Jumapili, saa 3. Jumla saa 15. Kipimo wanachotumia wataalamu wa michezo ya watoto ni kwamba saa za wiki zisizidi miaka ya mtoto, apate angalau siku moja ya kupumzika, na kwa mwaka aache mchezo wake mkuu miezi miwili mitatu, si lazima kwa mfululizo.

Baba yake alikuwa amesikia michezo mingi ni mizuri, akataka amwongezee mpira wa kikapu. Nikamwambia hapana, mzee. Kikapu ni kuruka, na kano ni ile ile. Mchezo wa pili unasaidia ukichukua nafasi ya saa za mpira na kutumia mwili kwa namna nyingine. Tukaacha ndondo na timu ya shule, akademi ikabaki siku mbili, na siku mbili akawa anaenda kuogelea Raskazone na mjomba wake.

Kuna jambo mama alilisema kama utani: mtoto aliyekuwa akilala na mpira kitandani sasa anaomba mvua inyeshe ili mazoezi yaahirishwe. Mimi hilo nalihofia kuliko kinundu. Mtoto aliyechoka rohoni hulala vibaya, hukasirika ovyo, na kiwango chake hushuka japo anajituma. Wengi huacha kabisa kabla ya kufika umri wa kusajiliwa.

Maumivu yakiwa madogo na asubuhi yameisha, anaweza kucheza kidogo. Akichechemea, asimame. Goti likivimba lote, likiuma usiku akiwa amelala, au maumivu yakiwa kwenye nyonga na kinena, mpelekeni hospitali mara moja. Hiyo si kazi ya kocha. Kinundu chenyewe huenda kikabaki hata ukubwani, bila kuuma.