Pampu ya Pumu Ikae Uwanjani, Isifungiwe Kabatini

Swali la wiki: "Mwanangu ana pumu. Mwalimu wa michezo anasema acheze, ila pampu yake iwe karibu. Kama hadi uwanjani anahitaji dawa, si bora apumzishwe?"

Mimi ni mwalimu wa michezo wa sekondari huku Njombe. Wazazi wameniuliza hilo mara nyingi mpaka nikaandika barua, na kila muhula unapoanza nawapa wale wenye watoto wa pumu. Hii hapa.

Wazazi wangu, habari za nyumbani.

Mtoto wenu atacheza, na pampu yake ya bluu itakuwa naye. Naomba niwaeleze kwa nini.

Mtu akikimbia huhema haraka kwa mdomo, kwa hiyo hewa inashuka kifuani bila kupashwa joto wala kulowanishwa puani. Kwa mwenye pumu, hewa hiyo kavu hufanya misuli inayozunguka mirija ya hewa ijikaze, na njia ikawa nyembamba. Asubuhi zetu za Juni na Julai, zenye baridi kavu, ndizo zinazowabana zaidi.

Wengi hudhani mtoto atabanwa akiwa mbioni. Mara nyingi hubanwa akishasimama, dakika 5 hadi 10 baadaye. Nililijua hilo kwa uchungu. Katika shule niliyofundisha zamani, binti mmoja alimaliza mita 800 vizuri, akawapongeza wenzake, nami nikageukia kundi lililofuata. Nilipomtazama tena alikuwa ameinama, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Nilimwuliza ana nini, akajibu neno moja, akavuta pumzi, akatoa la pili. Kishimo cha chini ya koo kilikuwa kikibonyea ndani kila alipovuta hewa. Pampu yake ilikuwa imefungiwa kabatini, kama utaratibu ulivyotaka, na mwenye ufunguo ametoka. Tulivunja kufuli. Alipona, lakini rangi ya midomo yake siku ile bado naiona.

Ndiyo maana kwangu hakuna kabati. Mazoezini pampu inakaa kwenye mfuko wa bukta wenye zipu. Kwenye mechi, ambako kitu kigumu mwilini kinaweza kuumiza, anaishika mchezaji wa akiba niliyemteua, naye haondoki pembeni mwa uwanja hata filimbi ya mwisho ikishapulizwa.

Pamoja na pampu kuna chupa ya maji ya plastiki ya mililita 500. Nimeitoboa kitako, tundu linaenea mdomo wa pampu barabara, na mtoto anahemea kwenye shingo ya chupa. Bila chupa, dawa hutoka kwa kasi na nyingi huishia ulimini na kooni. Watafiti wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 matokeo ya kuijaribu chupa ya namna hii kwa watoto waliobanwa na pumu, na iliwasaidia kama kile kifaa cha dukani kinachowekwa kati ya pampu na mdomo.

Mtoto akibanwa tunamketisha wima, hatumlazi. Tunatikisa pampu, tunabonyeza mara moja, anahema mara nne kupitia chupa, kisha tunarudia mpaka zitimie puliza 4. Tunasubiri dakika 4. Asipopata nafuu tunampa 4 nyingine, na wakati huohuo gari linaitwa. Akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, gari linaitwa tangu mwanzo, na dawa tunaendelea kumpa njiani.

Mmoja wenu aliniambia anaogopa moyo wa mtoto utaharibika, au atazoea dawa. Baada ya kuvuta, mikono inaweza kutetemeka na moyo kwenda mbio kidogo, kisha hutulia. Dawa hii haina uraibu. Kinachonipa wasiwasi mimi ni mtoto anayeihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anayeamka usiku kwa kikohozi. Pampu ya bluu inalegeza misuli tu, uvimbe ulio ndani ya mirija hauugusi. Huyo arudi kliniki aangaliwe kuhusu dawa ya kuzuia, ile ya kuvuta kila siku hata akijisikia mzima.

Kwa hiyo kila puliza naiandika kwenye daftari, na mtoto analileta nyumbani Ijumaa mlisome. Daftari lina kazi nyingine pia: pampu nyingi huwa na puliza 200, na zikiisha bado hutoa mvuke, mtoto akadhani anavuta dawa kumbe hamna kitu.

Jumatatu naomba mlete pampu ya pili, yenye jina la mtoto, ambayo haijapitwa na tarehe, pamoja na karatasi ya daktari inayoonyesha kama anatakiwa kuvuta kabla ya mazoezi na puliza ngapi.