Kivuta moshi kinanguruma, moshi hauondoki

Nikikaanga vibua, moshi unapita pembeni mwa kivuta moshi na kujaa jikoni. Ni kibovu? (Ngamiani, Tanga)

Pima kwanza urefu kutoka kwenye vichomeo hadi ukingo wa chini wa kivuta. Juu ya jiko la gesi mimi hupendelea sentimita 65 hadi 75, lakini usishuke chini ya kipimo cha kitabu cha kifaa chako, kwani mafuta yakishika moto utaijutia. Majikoni nakuta mita nzima na zaidi, kwa kuwa fundi aliogopa mtu asijigonge kichwa. Moshi hutanuka kadiri unavyopanda. Ukifika huko juu ushakuwa mpana kuliko kivuta chenyewe. Washa udi, uushike usawa wa ukingo wa kikaango, uone moshi wake unaelekea wapi. Na vibua vikaangie vichomeo vya nyuma.

Mdomo wa kifaa ni inchi 6, fundi akaunga bomba la inchi 4. Kuna neno?

Lipo, tena kubwa. Nafasi ya ndani ya bomba la inchi 4 haifiki hata nusu ya lile la inchi 6. Ili hewa ileile ipite, lazima ikimbie zaidi ya mara mbili, na msuguano unapanda zaidi ya mara saba. Feni haiwezi, inabaki kunguruma.

Jiko moja la Raskazone lilikuwa na bomba la mikunjo la inchi 4, mita nne juu ya dari, kona tatu. Nililichomoa kwenye mdomo wa kifaa, nikawasha feni na kuweka karatasi ya chooni kwenye chujio: ikang'ang'ania. Nilipolirudisha, karatasi ikadondoka. Basi feni ilikuwa nzima, bomba ndilo lenye kosa. Tukapitisha bomba laini la bati la inchi 6 ukutani moja kwa moja, kona moja tu.

Nikifunga madirisha kwa ajili ya kiyoyozi moshi unabaki, nikifungua mlango wa nyuma unaondoka. Kwa nini?

Umeshajijibu mwenyewe, shehe. Kivuta hakitoi hewa nyingi kuliko inayoingia. Ukifunga kila mahali, feni inajaribu kunyonya chumba kisicho na pa kupumulia. Sikiliza mlango, utausikia ukipiga mluzi pembeni. Toboa tundu la sentimita 20 kwa 20, weka wavu wa mbu, na liwe chini kwenye ukuta ulio mbali na jiko. Usilielekeze kwenye kikaango: upepo wa kusi ukiingia hapo utausukuma moshi pembeni kabla kivuta hakijaudaka, na utarudi kunilaumu mimi.

Changu hakina bomba kabisa, kinarudisha hewa jikoni. Nibadilishe chujio?

Chujio kinanasa mafuta na harufu kidogo. Joto, mvuke na hewa chafu ya gesi vinabaki ndani. Weka bomba.