Lori Liandike, Mwani Uuache Uelee: Dhamana za Kampuni kwa Mkopeshaji Anayeanza

Wengi mnaoingia kwenye kazi hii ya kukopesha mmezoea wakopaji binafsi: fundi cherehani, mwenye duka, mwenye ng'ombe wawili. Hao dhamana yao ni kitu unachokiona, na mdhamini unayemjua kwao. Siku ya kwanza inapokuja kampuni iliyosajiliwa, ofisa mgeni huchukua fomu ile ile, huandika "mali zote za kampuni", mkurugenzi akatia saini, na faili likafungwa. Hapo ndipo pa kusimama kidogo.

Tuchukue kampuni moja ya kubuni pale Wete. Inanunua mwani mkavu kwa wakulima wa vijiji vya pwani, inaufunga marobota kwa mashine ya kushindilia, inaupeleka bandarini kwa lori lake, na inamuuzia msafirishaji mmoja anayelipa wiki kadhaa baada ya kupokea mzigo. Inataka mkopo wa shilingi milioni 45. Mali yake ni aina nne: lori, mashine, mwani ulio ghalani, na pesa anazodaiwa yule msafirishaji.

Lori na mashine havibadiliki. Lori la leo ndilo la mwakani, lina namba yake na kadi yake. Vitu hivi unaweza kuviwekea dhamana mahususi: vinatajwa kimoja kimoja, na tangu siku ya kusaini kampuni haiwezi kuviuza wala kuvibadilisha bila ya ruhusa yako. Mwani ni jambo jengine. Ule ulioukuta ghalani Jumatatu huenda Ijumaa uko melini, na mahala pake kuna mwani mwengine. Ukimwambia mkurugenzi kila gunia litoke kwa barua yako, umeifunga biashara ambayo ndiyo itakayokulipa. Kwa mali ya namna hii sheria ya makampuni tuliyoirithi kwa Waingereza ina dhamana inayoelea: inaifunika mali ya aina fulani, iliyopo na itakayokuja, na kampuni inaendelea kuitumia na kuiuza katika shughuli zake za kawaida. Mfano wake ni uzio wa kuvulia samaki ufukweni. Maji yakijaa samaki huingia na kutoka, wala huwezi kusema yupi ni wako. Maji yakipwa, waliobakia ndani ndio wako.

Kupwa kwa maji huko, kwa wanasheria, ni kuganda kwa dhamana. Huganda kampuni inapoanza kufilisiwa, inapoacha biashara, au unapoteua mpokezi wa kukusanya mali kwa niaba yako. Mkataba unaweza pia kutaja matukio mengine, kwa mfano notisi yako ya maandishi baada ya marejesho kukosekana. Ikishaganda, inashika kilichopo siku ile. Mwani uliouzwa wiki iliyopita umekwenda zake na aliyeununua hana kosa.

Sasa jambo ambalo wageni hulikosa sana. Aina ya dhamana haiamuliwi na jina mliloliandika. Inaamuliwa na nani hasa ana mamlaka juu ya mali ile. Kesi mashuhuri ni ya Spectrum Plus, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 2005. Benki iliandika kwamba ina dhamana mahususi juu ya madeni ya wateja wa kampuni, na ikaitaka kampuni iweke makusanyo katika akaunti yake pale pale benki. Lakini kampuni ilikuwa ikitoa pesa katika akaunti hiyo kila siku kama ipendavyo. Majaji wakasema: kama mkopaji yuko huru kuyatumia makusanyo, hiyo ni dhamana inayoelea, hata karatasi ikisema vyenginevyo. Hukumu ya Uingereza haiwafungi majaji wetu, lakini mawakili huitegemea, nasi tuandike mikataba yetu tukijua hoja hiyo italetwa.

Kwa kampuni yetu ya Wete, maana yake ni hii. Ukitaka dhamana mahususi juu ya pesa za msafirishaji, lazima azilipe katika akaunti ambayo kampuni haiwezi kuigusa bila ya saini yako, na saini hiyo uitoe kwa kufikiri kila mara, isiwe mhuri wa kupitisha tu. Benki kubwa inaweza. Mkopeshaji mdogo mwenye maofisa watatu na pikipiki moja, mimi simshauri. Atachoka mwezi wa pili, ataanza kuruhusu kila kitu, na dhamana yake itakuwa inaelea bila ya yeye kujua. Bora madeni hayo uyaandike kuwa yanaelea, ukubali udhaifu wake, na kiasi cha mkopo ukipime kwa lori na mashine.

Udhaifu wenyewe ni upi? Wa kwanza ni foleni. Kampuni ikifilisika, wako wadai ambao sheria inawatanguliza, hasa wafanyakazi kwa sehemu ya mishahara yao na serikali kwa baadhi ya kodi. Hawa wakikosa mali huru ya kuwatosha, hulipwa kutoka kwenye mali iliyo chini ya dhamana inayoelea, kabla yako. Mali iliyo chini ya dhamana mahususi hawaigusi.

Tuihesabu. Kampuni imeanguka na deni lililobaki ni milioni 40. Lori limeuzwa milioni 17, mashine milioni 13. Ghalani umebaki mwani wa milioni 4, na kwa msafirishaji zimepatikana milioni 5. Wadai wanaotangulizwa wanadai milioni 14. Tuziache kando gharama za ufilisi ili hesabu isitupotee.

Kama lori na mashine vilikuwa chini ya dhamana mahususi, unachukua milioni 30 zote. Zile milioni 9 za mwani na madeni zinakwenda kwa wanaotangulizwa, nao bado hawatoshelezeki. Umepungukiwa milioni 10. Kama uliandika "mali zote" tu na kila kitu kikaelea, jumla ni milioni 39, zinatoka kwanza 14, unabaki na 25. Umepungukiwa milioni 15. Mkopo ni ule ule, lori ni lile lile, tofauti ni milioni 5 kwa sababu ya ukurasa mmoja wa orodha ambao haukuandikwa.

Angalieni pia mpaka wa hesabu hiyo. Wanaotangulizwa wangekuwa wanadai milioni 6 tu, ungepata 33 kwa njia zote mbili. Dhamana mahususi inakuokoa pale madai yao yanapoishinda mali inayoelea. Na kampuni inayoanguka, kwa kawaida, mishahara na kodi ndivyo vilivyolimbikizwa mwanzo, na ghala ndilo lililomalizwa mwanzo.

Udhaifu wa pili ni mkopeshaji mwengine. Dhamana yako inaelea juu ya mali. Akaja mwenzako baadaye akaweka dhamana mahususi juu ya kitu kimoja katika mali hiyo, yeye kwa kawaida hutangulia. Kinga yake ni kipengele cha katazo: kampuni isiweke dhamana nyengine yenye kukutangulia bila ya idhini yako. Katazo linamfunga mkopeshaji wa pili akiwa analijua. Kujua kwamba dhamana yako imesajiliwa si lazima kuhesabiwe kuwa ni kujua katazo lililo ndani ya mkataba. Kwa hivyo liandikeni waziwazi katika maelezo mnayoyapeleka kwa msajili, alione kila anayepekua.

Hapo tumefika kwenye usajili, na hapa sina maneno mengi. Dhamana ya kampuni iliyosajiliwa Zanzibar hupelekwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Sheria imeweka muda wa kuipeleka. Nyinyi ipelekeni wiki ile ile ya kusaini, na kama inawezekana pesa zitoke baada ya kupata uthibitisho. Dhamana isiyosajiliwa haisimami mbele ya mfilisi wala wadai wengine. Deni lako halifi, lakini unasimama foleni pamoja na muuza mafuta na mwenye kukodisha ghala. Kabla ya kusaini, pekua daftari la dhamana la kampuni hiyo. Mkurugenzi akikwambia, "Ndugu yangu, hatudaiwi na mtu," mshukuru kwa adabu, kisha nenda ukapekue.

Turudi kwenye vitu vyenyewe. Lori: namba ya usajili na namba ya chasisi ziandikwe katika orodha, kadi ya asili ikae kwenye sefu yako, bima itaje jina lako. Mashine: namba iliyogongwa kwenye bati lake, na uiangalie kwa macho yako imefungwaje. Ikiwa imepigwa bolti kwenye sakafu ya zege ya ghala la kukodi, mwenye ghala anaweza kudai kuwa ni sehemu ya jengo lake. Mwombe barua fupi ya kukiri kwamba mashine si yake na kwamba atakuruhusu kuingia kuiondoa. Barua hiyo hupatikana kirahisi siku ya mkopo. Siku ya ugomvi haipatikani.

Ghalani kuna suali jengine: mwani ni wa nani? Kuna magunia yaliyokwisha nunuliwa, na kuna yaliyoletwa na akina mama ili yahifadhiwe mpaka bei ipande. Hayo ya pili si mali ya kampuni, na dhamana yako haiyafuniki hata yakijaa mpaka darini. Soma daftari la mapokezi, usihesabu magunia tu.

Kila mwezi itake kampuni karatasi moja yenye kilo za mwani ilizonunua, kilo ilizouza, anachodaiwa msafirishaji, na mishahara na kodi ambazo hazijalipwa. Hizo mbili za mwisho ndizo za kuangalia kwanza, maana ndizo zinazokula mali inayoelea chini ya miguu yako. Ukiona mishahara imechelewa miezi miwili huku ghala linapungua na pesa za mauzo hazionekani, usingoje marejesho ya tatu yakosekane. Mwone wakili wako kuhusu notisi ya kugandisha wakati bado kuna kitu cha kugandishwa. Na kampuni ikikupa dhamana mpya inayoelea kwa ajili ya deni la zamani wakati tayari inazama, usiitegemee sana: mfilisi anaweza kuipinga, kwa kuwa hukuleta pesa mpya.

Wenzetu wanaokopesha kwa murabaha huniuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu vile vile. Bei iliyoahirishwa ni deni kama deni jengine, na dhamana yake inasajiliwa kwa njia ile ile.

Deni likimalizika, peleka kwa msajili taarifa kwamba dhamana imeondoka, na kadi ya lori irudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.